Kutoka Mkaja Hadi Asanteni: Historia Fupi ya Neno la Shukrani la Maharusi

Katika ratiba ya harusi za ukumbini nchini Tanzania, baada ya keki kukatwa, zawadi kutolewa na chakula kuliwa, mshereheshaji huwapa maharusi kipaza sauti na kuwaambia wanazo dakika tatu, au tano akiwa mkarimu. Huitwa neno la shukrani. Wasikilizaji wengi hulichukulia kama daraja la kuvukia kwenda kwenye muziki. Mimi nimelisikiliza mara nyingi pale Mafinga na katika kata zinazoizunguka, na kadiri ninavyolisikiliza ndivyo ninavyoliona kuwa ndiyo sehemu ya harusi yenye historia ndefu kuliko umri wake. Jambo lenyewe ni changa. Maneno yake ni ya kale.

Nianze na maneno. Tunazo shina mbili kuu za kutoa shukrani katika Kiswahili, na zote mbili tulizipokea kutoka Kiarabu. *Asante*, ambayo wazee wa pwani wangali wakiitamka *ahsante*, ni kitenzi kizima katika lugha ilikotoka: *ahsanta*, yaani "umetenda vyema". Kwa hiyo asili yake ni hukumu juu ya tendo la mtu aliye mbele yako. Kiswahili kiliipokea sentensi hiyo kama neno moja, kikasahau kwamba imekwisha kuwa na nafsi ndani yake, kikaongeza kiambishi chake cha wingi, tukapata *asanteni*, kama tulivyopata *karibuni* na *kwaherini*. Neno limevaa nguo mbili za nafsi, moja ya Kiarabu na moja ya Kibantu, wala hakuna anayehisi joto.

*Kushukuru* ni mnyama mwingine. Hiki ni kitenzi kamili cha Kiswahili sasa, kinachonyambulika na kubeba yambwa. *Asante* inaweza kurushwa hewani bila kumtaja mtu. *Kushukuru* hudai kiambishi cha anayeshukuriwa, nisipokiweka ninakuwa nimesema jambo jingine. Mtu akiniuliza hali nami nikajibu "nashukuru", sikumshukuru yeye. Nimetoa taarifa kwamba ninaishi na nimeridhika. Bwana harusi anayesema "tunashukuru sana" na kukaa amesema kwamba wao wawili wana furaha. Hajamlipa mtu neno lake.

Akitia yambwa, anakutana na mtego ambao wapenzi wa lugha wataufurahia. "Tunawashukuru" ina *-wa-* inayoweza kuwa "ninyi" na inayoweza kuwa "wao". Ukumbini tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Wageni waliokaa kwenye viti ni "ninyi". Akina mama walio nyuma ya ukumbi wakikoleza kuni chini ya sufuria ni "wao", kwa sababu hawasikii. Lugha inayo njia ya kutofautisha: tukisema "tunakushukuruni" au "tunawashukuruni", ile *-ni* ya mwisho inawaelekea waliopo pekee. Maharusi wengi hawaitumii, na hivyo "tunawashukuru wapishi wetu" hupita ikiwa inawahusu watu ambao hawamo chumbani. Nitarudi kwao.

Kabla ya shukrani kuwa maneno, zilikuwa vitu, na vitu hivyo vilikuwa na majina. Anayetaka kuona hali hiyo kwa upande wa pwani asome *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana na maandishi ya waandishi wa Mrima, mkubwa wao akiwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Katika utamaduni huo wa harusi, kila mtu aliyetoa jasho kwa ajili ya bibi harusi alikuwa na fungu lake. Kulikuwa na kifungua mlango kwa waliokaa mlangoni, na kipa mkono kwa bibi harusi mwenyewe. Kulikuwa na kilemba kwa upande wa baba, neno lile lile lililotaja ada ya fundi anapomaliza kumfundisha mwanafunzi wake. Na kwa mama wa bibi harusi kulikuwa na mkaja na mbeleko, ambayo wengine huiita ubeleko.

Hapo ndipo ninapopenda kusimama. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mkwe alipompa mama vitu hivyo viwili, hakuwa ananunua binti. Alikuwa anarudisha, miaka ishirini baadaye, nguo mbili zilizochakaa kwa ajili ya mke wake: ile iliyofungwa siku alipozaliwa na ile iliyombeba mpaka akatembea. Hotuba nzima ya kumshukuru mama imo ndani ya nguo hizo mbili, wala hakuna aliyefungua kinywa.

Maneno haya hayakubaki pwani. Kiswahili kilipopanda bara kilipanda nayo, na leo majibu ya barua ya posa yanayoandikwa nyanda za juu yanaweza kutaja mkaja wa mama katika orodha moja na blanketi la bibi, jembe na ng'ombe. Blanketi halikutoka Mrima. Limeingia kwa sababu ya baridi, na yeyote aliyelala Mufindi mwezi wa Julai anajua kwa nini. Lakini mantiki yake ni ile ile ya mkaja: kitu kinachotajwa kwa jina la mwili uliochoka kwa ajili ya mtoto.

Katika utaratibu huo maharusi wenyewe hawakusema. Mshenga ndiye aliyesema, na baada yake wajomba, akina baba wakubwa na mashangazi. Kijana aliyesimama kuwashukuru wakwe zake kwa kinywa chake mwenyewe angeonekana amewaruka wazee. Ukimya wa bibi harusi ulihesabiwa kuwa adabu. Swali la historia basi ni hili: kipaza sauti kilifikaje mikononi mwa wawili hao?

Ninaona milango mitatu. Wa kwanza ni ibada. Wabenediktini waliweka kituo Tosamaganga, karibu na Iringa, mwishoni mwa karne ya 19, na Wamisionari wa Berlin walikuwa wakijenga vituo vyao upande wa Ubena katika miaka hiyo hiyo. Katika ndoa ya kanisani bwana na bibi husimama mbele ya watu na kila mmoja hujibu kwa sauti yake. Kwa mara ya kwanza bibi harusi alitakiwa kusema neno ambalo lisiposemwa shughuli haiendelei.

Wa pili ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilidai ridhaa ya hiari ya wote wawili na mashahidi wasiopungua wawili. Ikaeleza pia kwamba kutotimiza desturi ya mahari hakuibatilishi ndoa. Mahari yaliendelea kutolewa na yanatolewa hadi leo. Lakini mbele ya sheria neno la wawili likawa na uzito kuliko vitu vya koo mbili. Kilichokuwa kinasemwa na ng'ombe sasa kilihitaji msemaji mwingine.

Mlango wa tatu ni mji wenyewe. Mafinga iko kiasi cha kilomita 80 kusini-magharibi mwa Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Makambako, Mbeya na Zambia. Msitu wa Sao Hill, mashamba ya chai ya Mufindi, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, shule na ofisi za wilaya vimeleta hapo watu wasiokuwa na ukoo karibu. Mkata mbao kutoka Rungwe anamwoa mwalimu Mhehe. Karani Mbena anaolewa na askari kutoka Mara. Ukoo wa upande mmoja uko umbali wa safari ya siku nzima. Nafasi ya ukoo ikachukuliwa na kamati ya harusi yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, kadi za michango, daftari la ahadi na vikao vya kila wiki. Wajumbe ni majirani, wafanyakazi wenzako na wanakwaya wenzako.

Kamati ilibadilisha deni. Ng'ombe wa mahari waliunganisha koo mbili, na wazee wa koo hizo ndio waliokuwa na haki ya kusema. Mchango wa kadi humfunga anayechangiwa kwa watu mia mbili wasiojuana, kila mmoja kwa kiasi chake, na hakuna mzee mmoja anayeweza kuwasemea wote kwake. Anayedaiwa lazima asimame mwenyewe. Hivyo neno la shukrani la maharusi si anasa iliyoigwa kutoka filamu. Ni stakabadhi inayosomwa hadharani. Kwa kuwa koo zimechanganyika, linasomwa kwa Kiswahili, ingawa bwana harusi mwenye busara hufungua kwa *kamwene* akiwaelekea Wahehe na Wabena, na wakwe wakiwa wametoka Rungwe, hufunga kwa *ndaga*, ambayo kwa Kinyakyusa ni asante. Maneno hayo mawili huzaa vigelegele kuliko aya nzima ya Kiswahili sanifu.

Sasa kuhusu wazazi, sehemu ambayo katika mkoa huu haiwezi kusemwa kwa mazoea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Iringa, uliokuwa bado unajumuisha Njombe, asilimia 15.7 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.7. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Waliozaliwa katika miaka ya 1990 ndio wanaooa na kuolewa sasa. Wengi wao walilelewa na bibi, na shangazi, na mama mdogo, au na kaka mkubwa aliyeacha shule akaenda kupasua mbao.

Kwa hiyo "tunawashukuru wazazi wetu kwa kutuzaa na kutulea" ni sentensi inayoweza kukata kama kisu. Vitenzi vyake viwili vimefungwa pamoja kana kwamba hufanywa na watu wale wale. Mafinga nimejifunza kusikiliza kama maharusi wanavitenganisha. Neno *mzazi* limetokana na kuzaa, na *mlezi* na kulea. Lugha ilishatupa majina mawili kwa kazi mbili. Yule aliyelelewa na bibi anapaswa kusema "nawashukuru wazazi walionizaa, ambao hawapo, na ninamshukuru bibi aliyenilea, ambaye yupo pale mbele." Sentensi hiyo haina pambo hata moja. Inawataja marehemu kabla ya walio hai, kama inavyostahili, halafu inamwita aliye hai kwa kazi yake halisi. Nimeona pia ikikosewa kwa nia njema: kijana anamwita bibi yake "mama yangu wa pili", naye bibi, aliyemzika binti yake mwenyewe, anainamisha uso. Hakutaka kuchukua nafasi ya binti yake. Alitaka kazi yake itajwe.

Mkaja na mbeleko zinaturudia hapa. Desturi ilitofautisha nguo ya aliyezaa na nguo ya aliyebeba. Mtu mmoja alipofanya yote mawili alipokea zote mbili. Lakini kuwepo kwa majina mawili kunaacha nafasi ya kuzigawa. Nimewahi kupendekeza kwa maharusi walioniomba niwapitishie maneno yao kwamba, ikiwa mama amefariki, waseme wazi kwamba mbeleko ni ya bibi. Wazee huelewa papo hapo.

Kwa wageni maneno huwa mepesi zaidi, maana methali inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Jambo moja tu hupotea. Maharusi huwashukuru wageni "kwa michango yenu na kwa kufika kwenu", wakitanguliza fedha. Aliyeupanda mlima wa Kitonga kwa basi kutoka Dar es Salaam, akafika Mafinga usiku bila sweta, ametoa kitu kisichoingia kwenye daftari la mhazini. Kuja kutangulie, mchango ufuate. Tena wapo waliofika bila kuchangia kwa sababu hawakuwa nacho, na mpangilio wa maneno unaoanza na mchango unawaambia kimya kimya kwamba wamekaa kwenye viti vya wengine.

Na wasaidizi? Hapa ndipo lugha inapotoroka waziwazi. Sikiliza: "Shukrani za pekee ziwaendee wote waliofanikisha shughuli hii kwa namna moja au nyingine." Katika sentensi hii hakuna anayeshukuru, maana shukrani zinatembea zenyewe; hakuna anayeshukuriwa, maana "wote" ni shimo lisilo na kitako; na hakuna tendo, maana "namna moja au nyingine" inaweza kuwa chochote. Ilizaliwa katika barua za ofisi na utangulizi wa vitabu, ambako labda ina kazi yake. Ukumbini inawafuta watu. Waliochota maji tangu alfajiri, waliochambua mchele, waliokodi viti na kuvipanga, waliolala na sufuria ili zisiibiwe, wote wamekuwa namna moja au nyingine.

Kuna dawa mbili, nami nimeziona zikifanya kazi. Ya kwanza ni kutaja tendo badala ya jina. Majina thelathini yatachosha ukumbi na la thelathini na moja litasahaulika, kisha liwe kisa kwa miaka kumi. Matendo matatu hayachoshi: "waliopika, waliobeba, waliokesha." Kila aliyefanya anajijua. Ya pili ni kuwaita ndani. Mshereheshaji akiombwa mapema, anaweza kuwaalika wapishi wasimame mlangoni kwa dakika moja, nayo *-wa-* ya "wao" igeuke kuwa *-wa-* ya "ninyi". Kamati yenyewe haihitaji sifa ndefu ukumbini, kwa kuwa ina siku yake: siku ya kuvunja kamati, hesabu zinaposomwa na wajumbe kula pamoja, ndipo maharusi huwashukuru mmoja mmoja.

Niweke mfano mzima, nilioutunga kwa ajili ya makala haya. Bwana harusi mama yake amefariki, akalelewa na bibi. Bibi harusi wazazi wake wote wapo, nao ni watu wa Rungwe. Bwana harusi anasema:

"Kamwene. Baba, nakushukuru, mimi ni mwanao mbele ya watu hawa. Mama yangu hayupo, namshukuru alipo. Bibi, ulinibeba mgongoni ukiwa umekwisha kuchoka. Mbeleko ni yako. Baba na mama wakwe, mmenipa mliyemlea, nami nitamtunza."

Bibi harusi anapokea:

"Baba na mama, nilitoka mikononi mwenu nikiwa mzima, ndaga. Wageni wetu, mmekuja kutoka mbali na karibu, na baridi hii mmeivumilia. Asanteni kwa kuja, asanteni kwa mlichotupa. Mliopika, mliobeba, mliokesha, nawaona pale mlangoni. Tunakushukuruni. Sisi wawili tumewasikia wote, mkituita, tutakuja."

Yasome kwa sauti ya taratibu, hata ukisubiri vigelegele, hayafiki dakika mbili. Bwana harusi anaanza na baba aliye hai ili asidhaniwe amemruka, halafu mama, halafu bibi. Bibi harusi ndiye anayewasemea wageni na wasaidizi, kwa sababu wote wawili wanadaiwa na wote wawili wana sauti. Matendo yako katika nafsi ya pili: *mliopika*, si *waliopika*. Na sentensi ya mwisho inarudisha shukrani kuwa kitendo. Methali husema shukrani za punda ni mateke. Mchangiwa aliyeitikia "mkituita, tutakuja" amejiwekea deni mbele ya mashahidi, na harusi ya mtoto wa jirani ikifika kadi yake haitahitaji kusukumwa.

Maharusi wakitaka ubeti, mshairi asiwape kumi. Mmoja unatosha, wa mizani kumi na sita, unaoweza kusomwa bila karatasi:

*Twakushukuru, e mama, ulotubeba tumboni,*
*Mkaja ulipokoma, watuweka mgongoni,*
*Bibi uliyesimama, mama yuko kaburini,*
*Pokea neno la wema, deni lake li moyoni.*

Nimeuweka mkaja na mgongo katika mshororo mmoja kwa makusudi, ili vijana wasioijua nguo ile waulize ni kitu gani, na wazee waliokaa meza ya jirani wapate la kuwaeleza. Wanaotunga beti za harusi wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa kilemba na kwa blanketi la bibi. Maneno hayo yangali yakiandikwa kwenye orodha za mahari kila mwaka, yakiwa na bei pembeni. Kwenye orodha yanasomwa na wajomba wachache chumbani. Ukumbini yangesikika na aliyevaa.